Taa ya Kibirika
Swali: unaendesha, mara taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone inawaka kwenye dashibodi. Utafanya nini? Wengi hujibu, "Nitaongeza oili nikifika." Wanakosa. Jibu ni kusimama mahali salama na kuzima injini mara moja, kwa sababu taa hiyo huonya kwamba presha ya oili imeshuka, na vyuma vinasagana bila kulainishwa.

Subiri dakika kama 10, gari likiwa kwenye tambarare, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza. Ikiwa inatosha, huenda pampu imeharibika: usiwashe injini, gari livutwe.

Na ikiwaka unapofungua swichi, kabla injini haijanguruma? Hiyo ni kawaida, mradi izimike injini ikishawaka.