Fahamu: Jinsi EDTA inavyopima ugumu wa maji

Ugumu wa maji hutokana na ioni za kalsiamu na magnesiamu. EDTA huzinasa ioni hizo moja kwa moja: molekuli moja kwa ioni moja.

Maji ya kisima, mililita 50, hutiwa bafa ya amonia ya pH 10, kisha kiashiria cha Eriokromu Nyeusi T. Kiashiria hushikamana na magnesiamu na maji huwa mekundu kama divai. EDTA ya molari 0.01 hudondoshwa kutoka kwenye bureti. Hunasa kwanza ioni zilizo huru, na mwisho hukipokonya kiashiria magnesiamu yake. Rangi hupita zambarau, na upimaji hukoma wekundu wote unapotoweka na kubaki buluu. Zikitumika mililita 12.5, ugumu ni miligramu 250 za kalsiamu kaboneti kwa lita.

pH ikishuka sana, haidrojeni hung'ang'ania EDTA, mshiko wake hulegea na badiliko la rangi hufifia. Ikipanda hadi 12, magnesiamu hutuama kama haidroksidi na haihesabiwi. Kalsiamu kaboneti nayo huweza kutuama, hivyo upimaji haucheleweshwi baada ya bafa kutiwa.