Faili la GB 200, Kumbukumbu ya GB 8: Ununue Nini Kwanza?

Mtu mwenye faili la miamala la GB 200 na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 hufikiria jambo moja upesi: kuongeza kumbukumbu. Kwa kazi hii mahususi, ya kupanga mistari yote kwa namba ya simu iliyo mwanzoni mwa kila mstari, naona huko ndiko pesa inakopotea.

Tazama programu ya `sort` inavyofanya kazi. Inasoma kiasi cha mistari kinachotosha kwenye kumbukumbu, inakipanga, kisha inakiandika diskini kama kipande cha muda. Inarudia hivyo hadi faili liishe. Baadaye inavifungua vipande vyote kwa pamoja, inalinganisha mistari ya mbele ya kila kimoja, na kuutoa ulio mdogo kuliko yote, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kila baiti inasomwa mara mbili na kuandikwa mara mbili: GB 800 zinapita diskini.

Tuseme mistari ni ya baiti 100 na umeipa `sort` GB 4. Sehemu ya nafasi hiyo huliwa na hesabu zake za kila mstari, hivyo utapata vipande kama 70. Ukiongeza kumbukumbu maradufu, vipande vitakuwa kama 35. Zile GB 800 hazipungui hata moja, maana bado kila kitu lazima kiende diskini na kurudi. Ongezeko la kumbukumbu lingeleta tofauti kubwa iwapo faili zima lingeenea ndani yake.

Kabla ya kununua chochote, rekebisha amri yenyewe. Toleo la GNU huunganisha vipande 16 tu kwa mkupuo, usipoliambia vinginevyo. Ukiwa na 70, karibu data yote itasomwa na kuandikwa mara moja zaidi, na jumla itakaribia GB 1,200. Amri hii inaondoa mzunguko huo bila gharama:

```
LC_ALL=C sort -S 4G -T /mnt/ssd \
  --batch-size=100 -o tayari.txt miamala.txt
```

`LC_ALL=C` huifanya ilinganishe baiti tupu badala ya kufuata kanuni za lugha, na kasi huongezeka sana. Kwa namba za simu haina dosari. Kwa majina, Zuhura mwenye herufi kubwa atatangulia asha mwenye herufi ndogo, kwa hiyo chagua ukijua.

Sasa diski. Diski ngumu ya kuzunguka inayosoma MB 150 kwa sekunde itahitaji saa moja na nusu kupitisha GB 800, na hiyo ni hesabu ya hali njema. Wakati wa kuunganisha, kichwa chake hurukaruka kati ya vipande 70, na kila mruko unakula milisekunde kadhaa. Ukihamishia kila kitu kwenye SSD ya MB 500 kwa sekunde, ni dakika 27 hivi.

Lakini chaguo ninalolipendekeza ni la katikati: acha faili la asili na matokeo kwenye diski ngumu, nunua SSD ya GB 500 kwa ajili ya vipande vya muda tu. Diski ngumu inabaki na GB 400, inazisoma na kuziandika mfululizo bila kurukaruka, kama dakika 45. Jihadhari na SSD za bei ya chini sana: nyingi huanza kwa kasi kisha hupungua mno eneo lake la haraka linapojaa, na GB 200 mfululizo zitalijaza.

Kukodi seva yenye kumbukumbu ya kutosha faili zima kunavutia hadi upige hesabu ya kupakia. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, faili hilo litachukua saa 22 kufika. Seva inafaa ikiwa data tayari iko huko.

Nafasi nayo ihesabiwe: faili la asili, vipande na matokeo ni GB 600 kwa pamoja. Ujumbe wa `No space left on device` ukitokea mapema, mara nyingi `-T` imesahaulika na vipande vinakwenda `/tmp`, ambayo katika mifumo kadhaa ya Linux imo ndani ya kumbukumbu yenyewe. Endesha `findmnt /tmp` uone. Ikiandika `tmpfs`, ndivyo ilivyo. Kama nafasi ni finyu, `--compress-program=zstd` hubana vipande kwa kuitumikisha prosesa zaidi.

Na kabla hujaenda dukani, tazama kazi ikiendelea. Diski ikiwa na shughuli asilimia 100 huku prosesa ikisubiri, SSD itakusaidia. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa huku diski imetulia, diski mpya haitabadilisha kitu. Angalia kwanza kama `LC_ALL=C` ipo.