Nani Aliongoza? Ilitegemea Runinga Yako

Kenya ilipopiga kura tarehe 9 Agosti 2022, tume ya uchaguzi iliziweka mtandaoni fomu za 34A, moja kwa kila kituo cha kupigia kura. Vituo vilizidi 46,000. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kikichota fomu kwa mpangilio wake, na muda si muda runinga moja ikawa inaonyesha William Ruto anaongoza huku nyingine ikimweka mbele Raila Odinga. Hapo si lazima awepo mwongo. Anayeanza na fomu za Nyanza na anayeanza na za Bonde la Ufa hawatapata jumla moja mpaka wote wamalize.

Shabiki naye hakungoja. Alibaki kwenye chaneli iliyompendeza, akapiga picha ya skrini na kuirusha katika kundi la WhatsApp ambalo karibu wote ni wa upande wake. Wataalamu hukiita hiki chumba cha mwangwi: unasikia sauti kumi, kumbe zote ni yako. Tarehe 15 Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, na aliyekuwa ndani ya chumba cha Raila aliona ameibiwa, kwani ushahidi wote aliouona ulisema vingine. Kumbe dawa ilikuwa swali dogo: fomu ngapi zimeshajumlishwa, na za wapi?

Lakini vyombo vya habari humfikia mpiga kura mapema zaidi. Mwaka 1968 Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao hawajaamua wampe nani kura. Mambo waliyoyataja kuwa mazito yalifanana mno na yale yaliyopewa nafasi kubwa magazetini na kwenye runinga. Huku ndiko kupanga ajenda. Je, huenda wahariri ndio waliowafuata wasomaji? Miaka ya 1980 Shanto Iyengar na Donald Kinder waliwaonyesha watu taarifa za habari walizozihariri makusudi. Walioongezewa habari za udhaifu wa ulinzi wa nchi wakaanza kuuona ulinzi kuwa tatizo kubwa zaidi.

Jambo likishakuwa mezani, linabaki la kulivisha sura. Ruto, Naibu Rais tangu 2013 na tajiri wa kutosha, aliuza uchaguzi kama pambano la mahasla na familia tawala, akichukua wilibaro kuwa alama ya chama. Raila alikuwa mwana wa Makamu wa kwanza wa Rais, na Uhuru Kenyatta aliyemuunga mkono ni mwana wa Rais wa kwanza, hivyo sura ilikaa. Redio zikaanza kuuliza nani hasla kweli, na swali hilo lenyewe lilikuwa la Ruto.

Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru, walimpa Ruto kura nyingi. Nisingeupa wilibaro sifa yote, maana mgombea mwenza wake, Rigathi Gachagua, ni wa hukohuko. Ila hata Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila, ni wa huko pia, na hakufua dafu.