Kombe Ndani ya Jabali la Mombasa

Picha inayoambatana na makala haya imepigwa kwenye jabali la pwani ya Mombasa, mahali pa juu ambapo hata maji ya bamvua hayafiki. Katikati yake kuna mistari miwili myeupe iliyopindapinda kama wimbi, ikifuatana sambamba ndani ya jiwe la kijivu. Kando yake umewekwa ufunguo ili mtazamaji akadirie ukubwa. Mistari hiyo ni midomo ya kombe lenye urefu wa kama shubiri moja, na sehemu yake iliyobaki imezama ndani ya jiwe. Mwenyewe alikufa zamani sana, nyama yake ikaoza, lakini gamba likafunikwa na mchanga ambao baadaye ulishikana ukawa mwamba. Mabaki ya namna hii huitwa kisukuku.

Midomo iliyopindapinda, gamba nene na matuta mapana machache yanayotoka kwenye bawaba kwenda ukingoni vinamtambulisha mara moja. Huyu ni wa jamii ya tridakna, makombe makubwa ambayo wavuvi wa Kenya na Tanzania wanaendelea kuyakuta kwenye miamba hadi leo. Hilo ni bahati kwetu. Kwa kuwa ndugu zake wako hai, tunajua wanaishi wapi na wanahitaji nini, na tukimwona mmoja wao ndani ya jiwe tunaweza kusema kwa uhakika jiwe hilo lilikuwa sehemu ya namna gani.

Tridakna hachuji chakula kwenye maji tu. Ndani ya nyama ya midomo yake, ile yenye rangi ya buluu, kijani au kahawia, wamo viumbe wadogo mno wa jamii ya mwani wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Bila jua la kutosha hawezi kustawi. Ndiyo maana hupatikana zaidi kwenye kina kidogo, hasa mita 10 za juu, katika maji safi yasiyo na tope. Mbele ya midomo ya mito mikubwa, ambako maji ni ya udongo na chumvi imepungua, humwoni. Kwa hiyo mahali ilipopigwa picha palikuwa chini ya bahari, na bahari yenyewe ilikuwa ya joto, angavu na ya kina kifupi. Kwenye jiwe hilohilo, pembezoni mwa picha, yanaonekana matundu madogo yaliyopangika kwa ukaribu: hayo ni matumbawe, nayo yanasema jambo lilelile.

Ila jambo ninalolithamini kuliko yote katika picha hii ni mkao wa kombe. Pande zake mbili ziko pamoja, bawaba iko chini, midomo imeelekea juu. Tridakna aliye hai hukaa hivyo hasa, akiwa ameshika mwamba kwa chini na kuufungulia mwanga kwa juu. Akifa, kile kiungo kinachoshika pande mbili huoza, pande huachana, na mawimbi huzisukuma huku na huko hadi nyingi zikatulia zikiwa kifudifudi, mgongo juu. Kombe la upande mmoja lililolala kifudifudi huenda lilitupwa na tufani kutoka mbali, hata likaishia juu ya ufuo. Hili letu halikusafiri. Liliishi hapo, likafia hapo, na bahari ilikuwa juu yake.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu, maana kuna aina ya tridakna anayejichimbia shimo ndani ya mwamba hadi ikabaki midomo tu nje. Anaweza kufanya hivyo leo kwenye mwamba wa kale sana, akafa mwaka jana, na mpita njia akadhani ameona kisukuku. Kinachotofautisha ni mahali na kijazo. Wa juzi atakuwa chini, pale maji yanapofika, na kati ya gamba lake na jiwe pataonekana ufa au mchanga unaotoka kwa kidole. Wa kale, kama huyu, yuko juu ya maji, na mchanga ulio ndani ya gamba lake umegeuka jiwe gumu lililoshikana na jiwe la nje. Vilevile kombe lililo kwenye ukuta wa nyumba ya kale au wa msikiti haliwezi kusomwa kwa mkao wake, kwa sababu fundi aligeuza jiwe alivyotaka.

Sasa, bahari ilifikaje huko juu? Yako mawili tu: ama ardhi imeinuka, ama bahari ilikuwa juu zaidi. Pwani yetu imepata misukosuko ya ardhi, na miamba hii haikujengwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo urefu pekee hautoshi kuwa ushahidi. Lakini inajulikana kwamba takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko karne zilizopita, barafu ya Grinilandi na ya Antaktika ilipungua, na bahari kwa jumla ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya usawa wa leo. Sehemu kubwa ya matumbawe ya juu katika ukanda huu wa pwani huhusishwa na kipindi hicho.

Baadaye barafu ikarudi na bahari ikashuka. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa imeungana na bara, na kombe letu lilikuwa kwenye nchi kavu juu ya ufuo uliorudi nyuma. Yule mtoto aliyezikwa kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, takriban miaka 78,000 iliyopita, alizaliwa wakati matumbawe haya yameshakuwa mawe.

Umri huo haupimwi kwa kaboni, kwa sababu kaboni huishiwa nguvu baada ya miaka 50,000 hivi. Hutumika urani. Tumbawe linapokua huchukua urani kutoka maji ya bahari, lakini karibu halichukui thori kabisa. Urani hugeuka thori polepole kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo kiasi cha thori kinaonyesha muda uliopita. Gamba la kombe halifai sana kwa kazi hii, kwani huendelea kufyonza urani baada ya kufa na kuharibu hesabu. Mtaalamu huchukua kipande cha tumbawe lililo jirani, tena baada ya kukagua kama mvua haijalibadilisha. Tumbawe ambalo maji ya mvua yameligeuza hung'aa kwa chembe kama za sukari, na tarehe yake haiaminiki.

Kila kitu nilichokieleza, isipokuwa umri, kimesomwa kwa macho kutokana na kombe kubaki mahali pake. Likichokolewa kwa patasi na kupelekwa nyumbani, mkao unapotea, urefu juu ya maji unapotea, na matumbawe ya jirani yanapotea. Nchini Kenya visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, na kuvichimba kunahitaji kibali. Ukikuta kombe kwenye jabali, weka kitu kinachojulikana ukubwa wake kando yake, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha jabali zima, andika upande gani ni juu na ni kama mita ngapi kutoka mstari wa maji kujaa, kisha upeleke taarifa ofisi ya makumbusho iliyo karibu nawe.