Vocha ya Muscat, akaunti ya Marekani: kwa nini gemu la mtoto linakataa

Vocha ilitumwa kwa simu kutoka Muscat, zawadi ya siku ya kuzaliwa: herufi na tarakimu 12, thamani yake dola 20. Mama mmoja mkazi wa Matai, wilayani Kalambo, alikaa na mwanawe wakaziingiza kwenye PS4. Mashine ikakataa. Wakarudia taratibu, herufi kwa herufi. Ikakataa tena.

“Kaka, umeuziwa feki,” mama alimpigia ndugu yake.

“Hapana dada, nimenunua dukani kabisa.”

Vocha ilikuwa halali. Tatizo lilikuwa akaunti ya mtoto.

Duka la mtandaoni la PlayStation limegawanywa kwa nchi, kwa kuwa haki za kuuza gemu, bei na kodi hupangwa nchi kwa nchi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi hizo. Kusini mwa Sahara ipo Afrika Kusini tu. Kwa hiyo anayefungua akaunti hapa huchagua nchi nyingine. Kijana huyu alichagua Marekani, na nchi ikishachaguliwa haibadilishwi.

Vocha ya Oman hufanya kazi kwenye akaunti ya Oman pekee. Kwamba duka la Oman na la Marekani yote yanauza kwa dola hakusaidii kitu. Kinachotazamwa ni nchi, si fedha.

Diski ni habari nyingine. Diski ya PS4 iliyonunuliwa Muscat itacheza hata kwenye mashine iliyotoka Marekani. Kikwazo huja mtoto anapotaka nyongeza za mtandaoni, kama wachezaji, ramani au pointi. Gemu lilelile huweza kuwa na namba tofauti kwa kila kanda, inayoanza na CUSA kwenye PS4. Nyongeza iliyonunuliwa duka la Marekani inaweza isionekane kabisa ndani ya gemu la diski ya kanda nyingine, na fedha imeshakwenda.

Kabla ya kumwambia ndugu anunue chochote, ingia kwenye akaunti ya mtoto kupitia tovuti ya PlayStation, fungua taarifa za akaunti na usome palipoandikwa Country/Region. Mtajie ndugu nchi hiyo, naye anunue vocha ya nchi hiyohiyo.

Kama vocha imeshanunuliwa, usiitupe. Namba ambayo haijakubaliwa popote bado ina fedha yake. Mjomba wa Muscat, mwenye akaunti ya Oman, anaweza kuiingiza kwake na kununua gemu. Akija likizo, ataingia na akaunti yake kwenye mashine ya mpwa wake, achague Activate as Your Primary PS4, kisha apakue gemu. Hapo mtoto atalicheza kwa akaunti yake mwenyewe. Ila nyongeza za gemu hilo nazo zitanunuliwa kwa akaunti ya mjomba.