Redio: «kontakti» ni mutu gani?

Kanyabayonga, kwenye mpaka wa Lubero na Rutshuru, wakaaji wanasema Kinande, Kiswahili na Kinyarwanda, lakini komunike za serikali zinaandikwa kwa Kifaransa. Mtangazaji akiacha maneno magumu kama yalivyo, habari inapotea.

Mfano ni Ebola iliyopiga Beni na Butembo toka Agosti 2018 hadi Juni 2020. Wanganga walitafuta «kontakti». Msikilizaji anaweza kufikiri ni namba ya simu. Tangazo zuri linaeleza kwanza: «mutu aliyegusa mgonjwa ao maiti yake». Kisha linataja «kontakti», kwani ndilo neno atakalosikia kwenye kituo cha afya. Mwishoni linarudiwa kwa Kinande.

Kipimo chake: je, msikilizaji anaweza kueleza kwa maneno yake anachopaswa kufanya?