Shuka ni shuka, kava ni kava

Tuchukue hoteli ndogo ya ufukweni, mashariki mwa Unguja, yenye vyumba 20. Kila chumba kina kitanda kimoja, na kila kitanda kina shuka moja la chini na kava moja la duveti. Wasimamizi wa hoteli wana kanuni ya zamani ya kuwa na seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, ya pili iko dobi, ya tatu imekunjwa stoo. Hesabu basi ni nyepesi. Mashuka ya chini yawe 60, na makava 60.

Mwisho wa mwezi karatasi mbili zinaingia ofisini. Ya Kiingereza, aliyoandaa meneja, ina mstari wa mashuka na mstari mwingine wa makava. Ya Kiswahili, iliyotafsiriwa kwa haraka ili wafanyakazi waielewe, ina mstari mmoja tu, "mashuka", kwa sababu aliyetafsiri aliona kitambaa kipana cheupe cha kitandani ni shuka, basi. Msichana wa stoo anahesabu kila kitambaa cheupe na kuandika 104. Meneja anasoma 104 kwenye mstari unaotaka 60, anashangaa kuona ziada ya 44, na anafuta oda ya mwezi ujao. Ukweli uliomo kabatini ni mashuka 51 na makava 53. Yamepungua mashuka tisa na makava saba, na hakuna aliyeiba takwimu wala aliyekosea kuhesabu. Kilichokosewa ni jina.

Hapo ndipo linapoanzia wazo ambalo kwa mara ya kwanza huonekana kama uvivu wa kutafsiri: kwenye orodha ya ukaguzi ya lugha mbili, maelezo yatafsiriwe lakini majina ya vitu yabaki yale yale pande zote mbili, herufi kwa herufi. Mfanyakazi anayesoma Kiswahili na bosi anayesoma Kiingereza watofautiane kwenye kitenzi. Kwenye kitu wakutane.

```
NO  | JINA            | KISWAHILI        | ENGLISH
K01 | SHUKA LA CHINI  | Hesabu, kunja    | Count, fold
K02 | KAVA LA DUVETI  | Hesabu, kunja    | Count, fold
K03 | CHANDARUA       | Kagua matundu    | Look for holes
```

Safu ya jina ni moja tu. Mgeni aliyetoka nje kuja kusimamia hoteli atalazimika kujifunza kwamba SHUKA LA CHINI ni kitu gani, na atajifunza siku ya kwanza akionyeshwa kabati. Wakenya wamelifanya hili zamani bila kikao chochote. Ukisoma Kiingereza chao utakutana na sufuria, jiko, panga na jembe vikitembea katikati ya sentensi bila maelezo.

Lakini Kiswahili kina tabia yake inayomtesa mwandaaji wa orodha, nayo haimo katika Kiingereza. Kiingereza kikitaka wingi huongeza kitu kidogo mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Kikombe kimoja, vikombe viwili. Chandarua kimoja, vyandarua vitano. Mto na mito, ufagio na fagio. Kwa msemaji ni jambo la kawaida kama kupumua, ila kwa kompyuta inayopanga majina kwa alfabeti, kikombe kimekaa kwenye K na vikombe viko mbali huko kwenye V, kama ndugu waliogombana. Mtunza stoo aliyeandika "vikombe" mwezi wa tatu na "kikombe" mwezi wa nne amefungua bidhaa mbili bila kujua. Akiomba jumla kwa fomula hii:

```
=SUMIF(B2:B200,"KIKOMBE",C2:C200)
```

atapewa ya mwezi wa nne peke yake, na karatasi haitamwambia kwamba imeacha kitu. Hata nafasi tupu iliyobonyezwa bahati mbaya baada ya neno inatosha kulifanya liwe neno jingine. Herufi kubwa na ndogo, kwa bahati nzuri, fomula hiyo haizibagui.

Kwa hiyo jina liandikwe kwa umoja siku zote, hata kama kabatini vimo mia, na idadi ikae kwenye safu yake. KIKOMBE, 48. Linasikika kavu, ni kweli. Mwalimu wa Kiswahili angekunja uso. Dawa yake ni kulitenga jina na sentensi, kwa nukta mbili au kwa kistari, ili lisilazimishe upatanisho: "Hesabu: KIKOMBE" badala ya "Hesabu vikombe vyote vilivyooshwa". Kiambishi cha mahali nacho kina mtego wake. Ukiandika "kabatini" au "frijini", jina la kitu limeshabadilika mwisho wake, na atakayetafuta FRIJI hatalipata kama neno kamili. Bora "kwenye FRIJI".

Na kwa nini friji, si jokofu? Jokofu ni neno zuri na limo kwenye kamusi. Lakini orodha hii inasomwa na mtu mwenye kitambaa mabegani na ndoo mkononi, na kwenye redio koli yeye husema friji. Kanuni inayofaa ni ya ngazi mbili. Kama kitu kimeandikwa jina juu yake, kwenye lebo au kwenye mfumo wa stoo, jina hilo ndilo liende pande zote mbili, hata likiwa la Kiingereza. Kama hakina maandishi, liende lile ambalo wafanyakazi walitamka walipolihitaji mara ya mwisho.

Faida nyingine hujitokeza jikoni, na haihusu Kiingereza hata kidogo. Hoteli za Zanzibar zina wafanyakazi wa Unguja, Pemba, bara na Kenya chini ya paa moja. Mpishi wa Unguja anaagiza mbatata na tungule. Msaidizi wake kutoka bara anajua viazi na nyanya. Karanga za Mtanzania ni njugu za Mkenya, na kwa Mkenya huyo huyo "karanga" inaweza kuwa namna ya kupika nyama. Mgeni akisema karanga zinamdhuru, hili si suala la lahaja tena. Jina moja likibandikwa kwenye mtungi na kuandikwa vile vile kwenye orodha huzima mjadala kabla haujafika kwenye sahani.

Penye hatari kubwa zaidi ni kwenye kabati la vifaa vya usafi, kwa sababu ya neno moja: dawa. Tuna dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya kiatu, na dawa ya choo. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa jiki, yaani klorini ya kung'arisha, na inaweza kuwa asidi ya kuondoa ukoko wa chokaa ndani ya sinki la choo. Vyote viwili huenda chooni, vyote viwili husafisha. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na koo na kumfanya mtu akohoe hadi akose pumzi, hasa katika bafu lisilo na dirisha. Orodha inayosema "mimina dawa ya choo" upande wa Kiswahili, huku upande wa Kiingereza ikitaja bidhaa kwa jina lake, imempa maelekezo kamili mtu ambaye hatashika chupa.

Hapa kutafsiri jina ni kosa kabisa. Jina lililochapwa kwenye lebo ya chupa linakiliwa herufi kwa herufi kwenye safu zote, na kama bidhaa imehamishiwa kwenye chupa nyingine, lebo hiyo hiyo inaandikwa juu ya chupa hiyo. Chupa ya zamani ya maji ya kunywa isitumike kabisa. Lakini jina peke yake halitoshi. Mfanyakazi anayeijua chupa bado anahitaji sentensi kamili ya Kiswahili inayomwambia asichanganye, afungue mlango, na afanye nini akihisi harufu kali. Majina yabaki, onyo litafsiriwe lote.

Vitenzi navyo vinataka jicho. Kiingereza cha hotelini kina neno moja la ukaguzi ambalo wafasiri wengi huligeuza "angalia". Mfanyakazi anaiangalia taa, anaiona ipo, anaweka tiki. Angeambiwa "washa taa ya bafu, hakikisha inawaka" angegundua kwamba imeungua.

Saa ni mtego uliojificha zaidi. Upande wa Kiingereza unasema chandarua kishushwe saa 6 jioni, na mfasiri mwepesi anaandika 6 upande wa pili. Kwa Mswahili saa 6 ni adhuhuri au usiku wa manane, na mbu wa jioni hawamsubiri mtu arekebishe karatasi. Baadhi ya hoteli huandika 18:00 pande zote mbili, kama jina jingine lisilotafsiriwa, na kuongeza "saa 12 jioni" kwenye maelezo ya Kiswahili.

Orodha ikishaandikwa, wengi humpa mtu mwingine atafsiri upya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ili kulinganisha. Njia hiyo hukagua maneno tu. "Mashuka" ingerudi kuwa mashuka na kila mtu angeridhika, makava yakiwa bado yamefichwa humo humo. Jaribio la kweli linahitaji vikapu viwili. Mfanyakazi mmoja anapewa karatasi yenye maelezo ya Kiswahili tu, mwingine yenye Kiingereza tu, na kila mmoja kwa wakati wake anaingia stoo kuleta vitu kumi vya kwanza. Vikapu vinamwagwa mezani. Kila mahali vitu viwili vinapotofautiana, kuna jina la kurekebisha, na mara nyingi wafanyakazi wenyewe watasema pale pale wao hukiitaje.

Kinachobaki ni kuilinda. Karatasi za hotelini huzaana: moja mlangoni pa stoo, moja ya dobi, moja ndani ya daftari la zamu, nyingine kwenye simu ya msimamizi. Mtu mmoja anapaswa kuwa na haki ya kubadilisha jina, na kwenye kompyuta safu hiyo ifungwe kwa menyu ya kuchagua, ile inayopatikana kwenye `Data validation`, ili mwandishi achague KIKOMBE badala ya kukiandika upya. Siku msambazaji anapoleta sabuni ya aina nyingine yenye lebo tofauti, jina linabadilishwa kwanza kwenye orodha kuu, tarehe inaandikwa chini, na karatasi za zamani zinabanduliwa milangoni asubuhi ile ile, kabla ya zamu ya kwanza kuchukua funguo.